Sura ya Saba: Alamisho na Viungo katika Mwongozo Mrefu

Kitabu cha mwongozo kilichochapwa na kujalidiwa humfundisha msomaji wake njia pasipo mwenyewe kujua kwamba anafundishwa, kwa maana kidole gumba, baada ya kukifungua kitabu hicho mara kadhaa, huuzoea unene wa kurasa zilizo kushoto na wa zile zilizo kulia, na jicho nalo hulizoea doa la mafuta lililo pembeni mwa jedwali linalotazamwa kila siku. Kitabu hicho hicho kikitiwa katika faili la PDF, msaada huo wote hutoweka, na fundi aliyeinama mbele ya jenereta isiyowaka hubaki akisukuma kurasa kwenye simu kwa kidole kimoja kilicho safi, akiutafuta ukurasa ambao anajua kwa yakini kwamba upo, ila hajui uko wapi.

Wale waliouunda muundo wa PDF katika kampuni ya Adobe, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1993, walilifikiria jambo hili tangu mwanzo, wakaweka ndani yake vitu viwili ambavyo vimedumu hata muundo huo ulipofanywa kiwango cha kimataifa, ISO 32000, mwaka 2008. Cha kwanza ni alamisho, yaani orodha ya vichwa vya habari inayofunguka kando ya ukurasa, yenye sura kuu na matawi yake, ambayo kila kichwa kikibofywa humpeleka msomaji mahali pake. Cha pili ni kiungo cha ndani, ambacho kwa hakika yake si kingine ila mstatili usioonekana uliolazwa juu ya ukurasa, wenye kubeba amri moja tu: anayegusa hapa apelekwe kule. Maneno "tazama ukurasa wa 74" yaliyochapwa chini ya mstatili huo hayana habari nao, wala mstatili hauna habari na maneno; vimekutana mahali pamoja kwa sababu mtu ameviweka pamoja, na vinaweza kufarakana bila faili kulalamika hata kidogo. Mwenye kulishika neno hili moja ataelewa asili ya makosa mengi nitakayoyataja mbele.

Kabla ya kuanza kazi, ni wajibu kuuliza kama kuna haja ya kuifanya kwa mkono. Maadamu hati ya asili iliyoandikwa katika Word au LibreOffice ingalipo, na mwandishi wake alitumia mitindo ya vichwa vya habari badala ya kukoleza wino na kukuza herufi kwa macho, alamisho zote zitajitengeneza zenyewe wakati wa kuitoa PDF. Katika Word, mahali pa kuhifadhi kama PDF, hufunguliwa `Options` na kutiwa alama kwenye `Create bookmarks using` kisha `Headings`. Katika LibreOffice hutumiwa dirisha la `Export as PDF`, na humo huwekwa alama kwenye neno lenye kuhusu `outlines`, au `bookmarks` katika matoleo ya zamani. Lililo haramu kwa kazi hii ni kupita njia ya kuchapa, yaani kuchagua mashine ya kuchapa iliyo ya PDF, kwa sababu kuchapa ni kutoa sura ya kurasa peke yake, na aghalabu alamisho na viungo vyote hubaki nyuma. Nimeona miongozo mizuri iliyoandaliwa kwa uangalifu wa miezi ikiuawa namna hiyo katika dakika ya mwisho, na mtu aliyeiua asijue.

Lakini miongozo mingi iliyo mikononi mwetu haina hati ya asili. Ni vitabu vilivyopigwa skani, tena na mtu mwenye haraka, na hapo ndipo penye kazi. Tuchukue mfano mmoja na tuufuate hadi mwisho: mwongozo wa ukarabati wa jenereta ya dizeli, faili lenye kurasa 386, lililopitishwa katika programu ya kutambua maandishi ili maneno yake yaweze kutafutwa, ila halina alamisho hata moja. Ndani yake mna jalada na ukurasa wa jina visivyo na nambari, kisha dibaji na orodha ya yaliyomo zenye nambari za Kirumi kutoka i hadi xiv, kisha ndipo kitabu chenyewe kinaanza na ukurasa wa 1.

Fundi wa alamisho anayeanza hufungua orodha ya yaliyomo, akaona imeandikwa kwamba sura ya injini iko ukurasa wa 41, akaandika 41, na papo hapo amekosea. Kompyuta haijui nambari zilizochapwa chini ya kurasa. Yenyewe huhesabu kutoka karatasi ya kwanza ya jalada, na kwa hesabu yake ukurasa wa 1 wa kitabu chetu ni wa 17, kwa kuwa umetanguliwa na kurasa mbili za mwanzo na kumi na nne za Kirumi. Tafauti ni 16, na sura ya injini iko ukurasa wa 57 wa faili. Hili wengi hulitambua upesi, wakajumlisha 16 kila mahali, wakaridhika. Kosa la pili ndilo gumu, maana hujificha katikati ya kitabu ambako hakuna anayetazama.

Namna ya kulifichua ni kwenda kwenye ukurasa wa mwisho wenye nambari. Katika mwongozo wetu, ukurasa wa 386 wa faili umechapwa nambari 366. Tafauti sasa ni 20, si 16, na hiyo ni ithibati ya kwamba mahali fulani zimeingizwa kurasa nne ambazo mchapaji hakuzihesabu. Ili kupajua mahali hapo hakuna haja ya kupekua kurasa zote. Unafungua ukurasa wa 193 wa faili, ulio katikati, na kuukuta umechapwa 177. Tafauti ingali 16, basi mgeni yuko mbele. Unafungua wa 290, umechapwa 270. Tafauti ni 20, basi mgeni yuko nyuma yake. Wa 241 umechapwa 221, nao una 20. Wa 217 umechapwa 201, nao una 16. Na ukifungua wa 229, unakutana na mchoro mpana wa nyaya za umeme, usio na nambari yoyote. Huyo ndiye mgeni. Michoro minne iliyokunjwa iliingizwa baada ya ukurasa wa 210 na kulala katika kurasa za 227 hadi 230 za faili, na kila kilicho mbele yake kinajumlishwa 20. Nafasi tano zilizofunguliwa zimetosha kusawazisha hesabu ya kitabu kizima, na ambaye hakuzifungua angeituma sura ya kutafuta hitilafu, ambayo ndiyo iliyo muhimu kuliko zote kwa fundi, kwenye ukurasa ulio nyuma kwa nne. Kosa la kurasa nne ni baya kuliko la kurasa mia, maana la mia huonekana mara moja, ilhali la nne humwacha msomaji akidhani kwamba yeye ndiye asiyeelewa.

Hesabu ikishatulia, kuandika alamisho ni kazi ya ukarani tu. Ziko programu za dirisha zinazoruhusu kuongeza alamisho moja moja kwa kubofya, na kwa mwongozo wenye vichwa kumi na viwili zinafaa sana. Bali kwa mwongozo wenye vichwa mia na hamsini, napendelea kuiandika orodha yote katika faili la maandishi ya kawaida, ambamo kosa huonekana kwa jicho na nambari hurekebishwa pasipo kufungua na kufunga menyu. Programu ndogo iitwayo `pdftk`, ambayo haina gharama, hufanya hivyo kwa amri mbili. Ya kwanza hutoa habari za faili na kuziweka katika maandishi:

```
pdftk mwongozo.pdf dump_data_utf8 output data.txt
```

Ndani ya `data.txt` mna jina la kitabu, idadi ya kurasa na mambo mengine machache. Chini yake unaongeza alamisho zako, kila moja kwa mistari minne: mwanzo, jina, daraja, na ukurasa wa faili.

```
BookmarkBegin
BookmarkTitle: 3. Injini
BookmarkLevel: 1
BookmarkPageNumber: 57
BookmarkBegin
BookmarkTitle: 3.1 Mfumo wa mafuta
BookmarkLevel: 2
BookmarkPageNumber: 74
```

Mfumo wa mafuta, kwa nambari za kitabu, uko ukurasa wa 58, ndiyo maana hapa umeandikwa 74. Daraja la 1 ni sura, la 2 ni tawi lake, la 3 ni kitawi cha tawi, wala hairuhusiwi kuruka kutoka la 1 hadi la 3, kwa kuwa mjukuu hawezi kuandikwa pasipo mzazi. Kisha orodha hurudishwa katika kitabu kwa amri ya pili, ambayo huandika faili jipya lenye jina jingine. `pdftk` haikubali kuandika juu ya faili lile lile inalolisoma, na katika jambo hili ina hekima kutushinda.

```
pdftk mwongozo.pdf update_info_utf8 data.txt output mpya.pdf
```

Neno `utf8` lililomo katika amri zote mbili lisiachwe. Miongozo ya mitambo imejaa alama za digrii, vistari virefu na herufi za Kigiriki, na pasipo neno hilo alama hizo hugeuzwa kuwa misimbo isiyosomeka kwa jicho la binadamu unapoitengeneza orodha.

Sasa inakuja hukumu ambayo hakuna programu inayoweza kumhukumia mtu: kichwa kipi kiingie, na kipi kiachwe. Rai yangu ni kwamba orodha ya alamisho isiwe nakala ya orodha ya yaliyomo. Orodha ya yaliyomo iliandikwa na mhandisi aliyepanga mambo kwa mantiki ya mtambo, kuanzia maelezo ya jumla hadi viambatisho. Alamisho husomwa na mtu ambaye mtambo wake umesimama. Mathalani, katika mwongozo wetu, jedwali la vipimo vya kukaza nati limezikwa ndani ya kifungu cha daraja la nne, katikati ya sura ya injini, kwa jina la "Maelezo ya ziada", ilhali hilo ndilo jedwali linalofunguliwa kuliko yote. Nalipandisha hadi daraja la 2 na kuliita kwa jina lake, "Vipimo vya kukaza nati". Hali kadhalika michoro minne isiyo na nambari, ambayo orodha ya yaliyomo haikuitaja kabisa, huipa alamisho zake, kwa kuwa ni hiyo hasa ambayo haiwezi kupatikana kwa njia nyingine. Kwa upande mwingine, vifungu vya "Utangulizi" vilivyo mwanzoni mwa kila sura, vyote vikiwa na jina moja, huviacha bila huzuni. Alamisho tisa ziitwazo "Utangulizi" hazimwelekezi mtu popote.

Majina nayo yawe mafupi, na neno lenye uzito litangulie. Kidirisha cha alamisho ni chembamba, na katika simu ni chembamba zaidi, hata jina kama "Utaratibu wa kufungua, kusafisha na kurudisha nozo" hukatwa baada ya neno la tatu, na msomaji akaona "Utaratibu wa kufungua..." mara nane mfululizo. "Nozo: kufungua na kusafisha" hukatwa vilevile, lakini kilichobaki kinatosha.

Tukiisha kupata alamisho, wako watakaosema kazi imekamilika, nami ningekubaliana nao kama kila programu ya kusomea ingezionyesha. Katika kompyuta huonyeshwa. Katika simu, programu nyingine huzificha ndani ya menyu ya tatu, na nyingine hazizionyeshi kamwe. Kiungo kilicho juu ya ukurasa wenyewe hufanya kazi mahali pengi zaidi, na hiyo ndiyo sababu ya kuongeza viungo juu ya alamisho. Wala si lazima kila "tazama ukurasa" iliyo kitabuni ipewe kiungo, maana kitabu kama hiki kinaweza kuwa nazo mamia, na nyingi hazitaguswa milele. Mahali pawili panastahili kushughulikiwa kwanza: orodha ya yaliyomo, kwa sababu kila mtu huianzia, na jedwali la hitilafu, kwa sababu fundi huingia humo akiwa na dalili mkononi, kama vile "moshi mweupe" au "inawaka kisha inazima", na kila mstari wa jedwali humtuma ukurasa mwingine.

Jedwali la hitilafu la mwongozo wetu linaanza ukurasa wa 221 wa kitabu, yaani 241 wa faili. Humo, mbele ya "nozo zimeziba", imechapwa "uk. 74". Viungo vya namna hii huviweka kwa mistari michache ya Python, kwa kutumia maktaba ya PyMuPDF, ambayo huyatafuta maneno hayo kwenye ukurasa, hutoa mstatili unaoyazunguka, na kukilaza kiungo juu yake:

```
import pymupdf
d = pymupdf.open("mpya.pdf")
uk = d[240]
for r in uk.search_for("uk. 74"):
    uk.insert_link({"kind": pymupdf.LINK_GOTO,
                    "from": r, "page": 89})
d.save("tayari.pdf")
```

Msomaji mwangalifu atastaajabu kuziona nambari 240 na 89, na yuko sahihi kustaajabu. Lugha ya Python huanza kuhesabu kutoka sufuri, basi ukurasa wa 241 wa faili kwake ni wa 240. Na ukurasa ambao kitabu kinauita 74 ni wa 90 katika faili, na wa 89 hapa. Ukurasa mmoja, nambari tatu. Tena maktaba hii hii, ikipewa orodha ya alamisho badala ya viungo, hutaka kurasa zihesabiwe kutoka moja, hata mtu anayefanya kazi zote mbili kwa mpigo mmoja hana budi kukumbuka yuko wapi. Ada yangu ni kuandika nambari ya kitabu peke yake katika orodha ya viungo, na kuiachia programu ijumlishe: 15 kwa kurasa zisizozidi 210, na 19 kwa zinazozidi. Hesabu ya kichwani, inayorudiwa mara mia, haikosi kupotoka mara moja.

Kuna mtego mwingine ndani ya mistari ile, nao ni mdogo lakini una sumu. Ukitafuta "uk. 7", utapewa pia "uk. 74" na "uk. 79", kwa sababu programu hutafuta mfuatano wa herufi, haitafuti maana, na hapo mistatili miwili italala mahali pamoja, mmoja ukielekea ukurasa wa 7 na mwingine wa 74, na atakayegusa atapelekwa kokote. Dawa yake ni kusoma maneno mazima ya ukurasa na kulinganisha nambari kamili, au, pakiwa na jedwali moja tu, kuutazama kila mstatili uliopatikana kabla ya kuukubali. Kadhalika kurasa ambazo programu ya kutambua maandishi ilizisoma vibaya, ikaona "uk. 7A" badala ya "uk. 74", hazitatoa kitu, na mahali hapo patakosa kiungo kimyakimya. Kwa hiyo nahesabu kwa macho marejeo yaliyo katika jedwali, nikalinganisha na idadi ya viungo vilivyowekwa. Zisipolingana, hakuna haja ya kubahatisha. Kuna mstari uliosahauliwa, au uliopata zaidi ya haki yake.

Ukubwa wa mstatili nao una neno lake. PDF hupima kwa pointi, na pointi 72 hufanya inchi moja, basi mstatili unaozunguka maandishi ya kawaida ya kitabu huwa na kimo cha pointi kama 12, ambazo ni milimita nne na ushei juu ya karatasi, na pungufu ya hapo ukurasa mzima ukibanwa katika kioo cha simu. Kishale cha kompyuta hakina taabu na kipimo hicho. Kidole cha fundi kinayo. Ndiyo sababu katika jedwali la hitilafu naupanua mstatili ushike upana wote wa mstari, tangu dalili hadi nambari ya ukurasa, nikichunga tu kwamba usipande juu ya mstari wa jirani. Na fremu nyeusi ambayo programu nyingine huchora kuzunguka kiungo naiondoa, kwa kuwa jedwali lenye mistari yake halihitaji mistari mingine.

Kiungo pia hubeba habari ya ukubwa wa kuonyesha ukurasa unaofikiwa, na hapa ndipo viungo vilivyotengenezwa kwa mkono hukera. Mtengenezaji aliyekuwa ameukuza ukurasa hadi asilimia 200 wakati wa kuweka alamisho, pasipo kukusudia, huwalazimisha wasomaji wote wapokee ukubwa huo, na aliye na simu hujikuta mbele ya kona nyeupe ya ukurasa. Katika Acrobat kuna chaguo liitwalo `Inherit Zoom`, ambalo humwachia msomaji ukubwa aliokuwa nao, na hilo ndilo la kuchaguliwa karibu daima. PyMuPDF, isipoambiwa vingine, hufanya hivyo yenyewe, na humweka msomaji kichwani mwa ukurasa.

Halafu kuna suala la kurudi. Fundi aliyetoka katika jedwali akaenda ukurasa wa 74, akakuta kwamba nozo zake ni safi, anataka kurudi kwenye jedwali atazame sababu ya pili. Katika Acrobat ya Windows hubonyeza `Alt` pamoja na kishale cha kushoto. Katika simu nyingi hana la kubonyeza. Nimeridhika na suluhisho moja lisilobadilisha sura ya kitabu: juu ya nambari ya ukurasa iliyochapwa chini ya kila ukurasa nalaza kiungo kinachorudi kwenye jedwali la hitilafu, na juu ya kichwa kidogo kilicho juu ya ukurasa, kiungo kinachorudi kwenye orodha ya yaliyomo. Viungo hivyo 700 na ushei huwekwa na kitanzi kimoja cha Python katika muda mfupi kuliko wa kuusoma ukurasa huu, na maelezo yake huandikwa kwa sentensi moja mwanzoni mwa mwongozo, kwa sababu mlango usioonekana usipotajwa hautafunguliwa na mtu.

Mambo haya yote yafanywe mwisho. Kutambua maandishi, kunyoosha kurasa zilizopinda, kuondoa kurasa tupu, kuunganisha juzuu mbili, kupunguza uzito wa faili: kila moja katika kazi hizo ama hubadilisha hesabu ya kurasa ama huliandika faili upya, na programu nyingi zinapoliandika upya hazibebi alamisho. Ofisi moja tuliipelekea mwongozo uliokamilika, ikaupunguza uzito ili uingie katika barua pepe, kisha ikatuandikia kulalamika kwamba alamisho hazipo. Zilikuwapo saa moja kabla.

Kukagua hakuhitaji kugusa kila kiungo. Nagusa alamisho ya kwanza na ya mwisho, kisha ile iliyo kabla tu ya michoro minne na ile iliyo baada yake, maana hesabu ikipotoka itapotokea hapo. Nagusa mistari yote ya jedwali la hitilafu, kwa sababu ni hiyo itakayotumika. Na nafanya haya katika simu, wala si katika kompyuta niliyotengenezea, nikiazima ikibidi simu ya bei nafuu iliyo sawa na ya mafundi wenyewe. Mwisho natoa tena orodha kwa `dump_data_utf8` na kuilinganisha na niliyoiandika, ili nijue kwamba kilichoingia ndicho kilichokusudiwa.

Faili la `data.txt` lisitupwe. Lihifadhiwe katika folda moja na skani ya asili isiyoguswa, pamoja na mstari unaosema kwamba tafauti ni 16 hadi ukurasa wa 210 na 20 baada yake. Toleo jipya la mwongozo likija likiwa na kurasa sita zilizoongezwa, atakayeishika kazi hiyo atabadilisha nambari, wala hatabadilisha majina.